Dalali anasema tuseme tuna mtoto mmoja, na sisi tuna watatu

*"Mume wangu amehamishiwa kazi Dar es Salaam kutoka Iringa, na Januari tunatakiwa tuwe tumeshahamia. Tuna watoto watatu: mkubwa anamaliza darasa la tatu, wa pili anamaliza awali, mdogo ana miaka miwili. Tunatafuta vyumba viwili na sebule, isizidi 250,000 kwa mwezi. Kimara tumepata nyumba mbili nzuri, zote wenye nyumba waliuliza idadi ya watoto kisha wakatukatalia. Sasa dalali ametupeleka ya tatu, anasema tuseme tuna mtoto mmoja, wengine watakuja 'kama wageni'. Kuna familia nyingine tatu ndani ya fensi hiyohiyo na mwenye nyumba anaishi palepale. Je, mwenye nyumba ana haki ya kukataa watoto? Nitajuaje kama nyumba na mtaa ni salama kwao? Na shule za karibu watapokelewa?"*

Dada, usikubali ushauri wa dalali. Yeye anapata kodi ya mwezi mmoja siku mnaposaini, kisha anaondoka. Ninyi mtabaki na mwenye nyumba anayeishi palepale na atakayewaona watoto wote watatu ndani ya wiki ya kwanza. Hapo mtakuwa mmeshalipa miezi sita, yaani 1,500,000, na 250,000 za dalali juu yake. Kwa Sheria ya Mikataba, mkataba uliopatikana kwa kumweleza mwenzako jambo la uongo ambalo ndilo lililomfanya akubali unaweza kutenguliwa na yule aliyedanganywa. Hata asipofika huko, mtaishi miezi sita mkiwa watu waliokamatwa na uongo, na kila bomba litakaloharibika litakuwa la watoto wenu.

Swali la haki lina jibu lisilofurahisha. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo hakuna chombo cha kumpangia mwenye nyumba masharti ya kumchagua mpangaji. Upangaji unaendeshwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na mkataba mliosaini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto, lakini haikupi njia ya haraka ya kumlazimisha mtu akukabidhi ufunguo wa nyumba yake. Kwa hiyo kabla ya kusaini nguvu yenu iko katika mazungumzo, na baada ya kusaini iko katika maandishi. Mkishakuwa ndani kwa mkataba halali, hana ruhusa ya kuwatoa kwa kung'oa mlango, kukata maji au kuzima umeme. Anatakiwa atoe notisi, na mkishindwana aende kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Watu wengi hudhani mwenye nyumba anayekataa watoto anaogopa kelele. Kelele zipo, lakini kwenye nyumba za fensi moja zenye familia kadhaa kinachomsumbua zaidi ni bili za pamoja: maji, luku na shimo la choo. Chukulia ndani ya fensi hiyo kuna watu 11, na gari la kunyonya majitaka huitwa kila baada ya miezi sita. Mkiingia watano mnakuwa 16, na shimo lilelile litajaa ndani ya miezi minne hivi. Gharama ikigawanywa kwa nyumba, mama wa mlango wa pili anayeishi na mume wake tu ataanza kulalamika, na malalamiko hayo hayaji kwenu, yanakwenda kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana swali lake la kwanza ni idadi ya watoto. Anakadiria ugomvi atakaousuluhisha.

Ukijua hilo, unaweza kumpelekea jibu kabla hajakukatalia. Usianze kwa kumuuliza "mnapokea watoto?", kwa sababu swali la namna hiyo linamwalika aseme hapana. Mweleze mko watano, taja umri wa watoto, mwambie mchana mdogo anabaki na nani, kisha zungumzia bili: "Mko mnagawanaje maji na shimo? Sisi tuko tayari kuchangia kwa kichwa." Tupige hesabu. Tuseme gari la majitaka ni 100,000. Kwa mgawanyo wa nyumba nne, kila nyumba inatoa 25,000. Kwa mgawanyo wa vichwa 16, kila mmoja ni 6,250, na ninyi watano mnatoa 31,250. Tofauti ni 6,250 kila gari linapoitwa. Hiyo ni fedha ndogo kwa familia inayolipa kodi ya 250,000, na inaondoa sababu kubwa ya wapangaji wenzenu kununa. Ongeza ahadi moja ya vitendo: pampasi za mdogo hazitaingia chooni, zitakuwa na ndoo yake yenye mfuniko. Wenye nyumba wengi waliochoshwa na familia zenye watoto walichoshwa na bomba la choo lililozibwa na pampasi, na wakisikia mtu anaitaja mwenyewe hulegea. Kuhusu umeme, omba nyumba yenye luku yake. Kama haipo, ulizia mita ndogo ya kila mlango. Ikiwa hata hiyo haipo, andikeni mapema nani analipa kiasi gani, kwa sababu mwenye friji na mwenye pasi hawatapatana kwa maneno.

Akikataa baada ya hayo yote, muagane vizuri mwondoke. Mwenye nyumba aliyebembelezwa akakubali kwa shingo upande huwa mzigo kwa watoto, maana wao ndio watakaoambiwa kila jioni wasikanyage uwanja.

Usitegemee neno lake peke yake. Tazama ndani ya fensi. Kama kuna familia tatu na huoni nguo ya mtoto kwenye kamba, kandambili ndogo mlangoni wala baiskeli iliyovunjika pembeni, hiyo ni taarifa. Rudi peke yako jioni, bila dalali, umuulize mama yeyote mpangaji: "Watoto hapa huchezea wapi?" Jibu lake litakueleza mengi kuliko "hakuna shida" ya mwenye nyumba. Uliza pia aliyehama kabla yenu alihama kwa nini. Mkikubaliana, mkataba uwe na sentensi hii au inayofanana nayo: "Mpangaji ataishi katika nyumba hii pamoja na mume wake na watoto wao watatu, na mwenye nyumba amefahamishwa idadi hii kabla ya kusaini." Ifuatiwe na namna ya kugawana bili, na muda wa notisi, miezi mitatu ni muda mzuri kwa familia yenye wanafunzi, kwa sababu inawafikisha kwenye likizo. Sainini mbele ya mashahidi, ikiwezekana ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mtahitajika kujitambulisha hata hivyo.

Sasa usalama. Dalali ukimuuliza kama mtaa ni salama atakujibu kuhusu wezi, na wazazi wengi nao huishia hapo. Kwa mtoto wa miaka miwili, hatari kubwa iko ndani ya fensi, na mnaweza kuikagua kwa saa moja.

Anza na shimo la choo. Tafuta mfuniko wake ulipo. Mara nyingi uko pembeni mwa nyumba, mahali ambapo watoto huchezea kwa sababu sakafu yake ni nyororo. Zege la mfuniko huliwa kutoka chini. Majitaka hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, gesi hiyo ikikutana na unyevu chini ya zege hugeuka kuwa asidi, na asidi hutafuna saruji, kisha hufika kwenye nondo. Juu mfuniko unaweza kuonekana mzima, na chini umebaki ganda. Dalili za kutafuta ni ufa unaokatiza katikati, nondo zilizotokeza zenye kutu, ukingo unaomeguka ukiusugua kwa kiatu, au sehemu iliyobonyea na kutuamisha maji. Usiukanyage kuujaribu. Ukiona bati, mbao au gunia ndipo mfuniko ulipotakiwa kuwa, nyumba hiyo haimfai mtoto mpaka pawe pamejengwa upya, na pajengwe kabla hamjatoa fedha, kwa sababu "nitaweka wiki ijayo" ya mwenye nyumba aliyekwisha kulipwa miezi sita huchelewa sana. Mfundishe pia dada wa kazi: mtu akitumbukia humo, asishuke kumfuata. Gesi ya mle huangusha mtu mzima ndani ya muda mfupi, na waokoaji hufia palepale. Aite watu, atafute kamba au ngazi, apige simu zimamoto 114.

Kisima, pipa na ndoo viko katika kundi hilohilo. Mtoto wa miaka miwili kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinama kwenye ndoo iliyofika nusu hupinduka na hawezi kujinyanyua, na wala halii kwa sauti. Dar es Salaam maji hukatika, kwa hiyo kila mlango utakuwa na madumu na mapipa nje. Madumu yenye vifuniko vya kuzungusha hayana shida. Mapipa ya wazi ya majirani ndiyo ya kuzungumzia siku ya kwanza, kwa adabu, kabla hamjazoeana mkaoneana haya.

Kwenye umeme, fungua boksi la swichi kuu mwenye nyumba akiwepo. Breka za kawaida hulinda waya usiungue, hazimlindi mtu. Umeme unaotosha kumuua mtoto ni mdogo mno kuliko ule unaoiangusha breka ya ampea 20. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST, ambacho hukata umeme mara kinapohisi umevuja kiasi cha miliampia 30 hivi. Omba ruhusa, kibonyeze. Umeme wa nyumba ukizima papo hapo, kinafanya kazi. Usipozima, kimekufa. Kama hakipo kabisa, ambalo ni jambo la kawaida kwa nyumba za zamani, omba kiwekwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na fundi huyo apime pia waya wa ethi, kwa sababu nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halijaunganishwa popote. Ukigusa bomba, friji au mlango wa chuma ukahisi kidole kinatekenyeka, toka. Usijadiliane kodi ya nyumba hiyo kabla haijatengenezwa.

Nondo za madirisha zinawazuia wezi, na moto ukitokea zinawazuia watoto pia. Angalia jiko liko wapi. Kama jiko liko karibu na mlango pekee wa kutokea na vyumba vya kulala viko nyuma yake, basi moto wa mtungi wa gesi unawafungia ndani. Mwombe mwenye nyumba dirisha moja la chumba cha watoto liwe na nondo zinazofunguka kwa bawaba na kufuli, ufunguo utundikwe ukutani juu kidogo ya kimo cha mdogo, ambapo mkubwa anaufikia. Fundi wa kuchomelea huifanya kazi hiyo kwa siku moja. Kama ni ghorofa, pima nafasi kati ya chuma na chuma kwenye kibaraza: isizidi sentimita 10, upana unaozuia kichwa cha mtoto kupita. Vyuma vilivyolazwa mlalo ni ngazi kwake hata nafasi ikiwa ndogo.

Kimara ni vilima na makorongo, na hilo lina maana yake. Nyumba za bei nafuu mara nyingi ziko chini karibu na korongo, ambako maji ya juu yote hupitia. Hamna haja ya kumuuliza mtu kama panafurika, tazameni ukuta. Mstari wa tope kwenye rangi, viroba vya mchanga vilivyopangwa nyuma, kizingiti cha mlango kilichoinuliwa isivyo kawaida, msingi uliobaki wazi kwa sababu udongo umeondoka. Mnatafuta wakati wa mvua za vuli, jambo ambalo ni bahati: rudini siku inaponyesha au kesho yake asubuhi. Masika ya Machi hadi Mei huwa makubwa zaidi, kwa hiyo pakisumbua vuli hapatawafaa masika. Na kama nyumba iko jirani na Barabara ya Morogoro, tafuta alama ya X kwenye ukuta na muulize mtendaji wa mtaa kuhusu hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa sababu hiyo.

Kuhusu watu, nitasema kwa ufupi lakini bila kuzunguka. Wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaowafahamu, na fensi yenye choo cha pamoja na wageni wanaolala siku mbili tatu inahitaji macho. Nyumba yenye choo ndani ina thamani hata kodi yake ikiwa juu zaidi kwa 20,000 kwa mwezi. Angalia choo cha nje kina taa na komeo la ndani, na kwamba mtoto hapiti nyuma ya nyumba gizani kukifikia. Mjumbe na mtendaji wa mtaa waulizeni kuhusu ulinzi shirikishi na matukio ya karibuni. Watu hawa huambiwa mambo ambayo dalali hayajui. Ikitokea jambo kwa mtoto, namba 116 ni ya bure kwa simu zote, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Nimeliweka suala la shule mwisho, ingawa ninyi mnatakiwa kulianza kwanza, kabla ya kulipa hata senti. Shule za serikali Dar es Salaam huandikisha watoto wa maeneo yanayoizunguka shule, na nyingi zimejaa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa, na shule nyingi za jiji zimevuka hapo. Baadhi hugawa wanafunzi kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Muulize mwalimu mkuu zamu za darasa la kwanza na la nne, kwa sababu mkubwa akiingia asubuhi na wa pili mchana hawatapata kusindikizana, na mtahitaji mtu mzima wa kumpeleka mmoja wao kila siku. Waulize pia walimu wangapi na matundu mangapi ya vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Matokeo ya shule yanapatikana kwenye tovuti ya NECTA, necta.go.tz, kwa jina la shule. Yasome ya miaka mitatu, maana mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati.

Wa darasa la kwanza ni rahisi zaidi. Uandikishaji wa Januari hufanyika kuanzia Oktoba, kwa hiyo ni sasa. Mpelekee mwalimu mkuu cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa mnaohamia. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, ila michango ya chakula na ulinzi inayokubaliwa na wazazi ipo, ulizia mapema ni kiasi gani.

Mkubwa ana kazi zaidi. Uhamisho wake unapita kwa mwalimu mkuu wa Iringa, shule ya Dar es Salaam inayothibitisha kuwa ina nafasi, na maafisa elimu wa halmashauri zote mbili. Kosa linalotokea sana ni hili: mtoto anahamia, anakaa darasani, mwalimu anamzoea, lakini taarifa zake katika mfumo wa PReM wa NECTA zinabaki shule ya zamani. Hakuna anayeona tatizo mpaka usajili wa upimaji wa darasa la nne unapofika, na jina lake halipo pale alipo. Yeye anaingia darasa la nne Januari, kwa hiyo kwenu ni jambo la mwaka huohuo. Chukueni namba yake ya PReM kabla ya kuondoka Iringa, na mwezi Februari mwombe mwalimu wa taaluma wa shule mpya athibitishe kwa macho kwamba jina limeonekana kwenye orodha yake.

Ukishajua shule, itembee njia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya masomo, kwa mwendo wa mtoto, kutoka mlango wa nyumba mnayoifikiria. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha ina njia nane, na nyumba ikiwa upande mmoja na shule upande wa pili, umbali unaoonekana mdogo kwenye simu haufai kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto wa miaka sita humwona dereva akadhani dereva naye amemwona, na hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Usitegemee daladala kwa watoto wadogo peke yao: nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mkubwa, kwa hiyo makonda huwakwepa asubuhi, na watoto huishia kugombania mlango gari likiwa linatembea.

Hapa ndipo kodi ya nyumba inapobadilika sura. Tuseme kuna nyumba ya 250,000 ambayo shule iko upande uleule, dakika 15 kwa miguu, na nyingine ya 200,000 ng'ambo ya barabara. Ya pili inahitaji bodaboda ya kuwavusha wote wawili. Kwa 1,500 kila safari, mara mbili kwa siku, siku 22 za masomo, ni 66,000. Ile ya bei nafuu imeshakuwa 266,000, na watoto wawili wamepanda pikipiki moja bila kofia ngumu. Kwa familia yenu ningechukua ya 250,000, na hata ya 260,000 kama choo kiko ndani na shimo lina mfuniko mzima. Kama nyumba ya karibu na shule haina mwenye nyumba anayekubali watoto watatu, nisingekimbilia ng'ambo; ningetafuta mtaa wa pili kutoka hapo, au nyumba inayojitegemea iliyo ya zamani kidogo, kwa sababu nyumba isiyo na bili za pamoja huondoa ile hofu tuliyoanza nayo na wenye nyumba hizo huuliza maswali machache kuhusu watoto.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayatoshi. Waya na ethi zinahitaji kipimo cha fundi aliyefika nyumbani hapo. Shimo lenye shaka limuone afisa afya wa kata, ambaye ana mamlaka ya kumwagiza mwenye nyumba alirekebishe, na hapo hamtakuwa ninyi mnaolumbana naye. Mkataba wenye kifungu msichokielewa, hasa kinachoruhusu kuwatoa bila notisi au kupandisha kodi katikati, mpelekeeni msaidizi wa kisheria kabla ya kusaini. Wapo katika halmashauri nyingi na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na dalali akidai fedha ya kushikilia nyumba kabla hamjaonana na mwenye nyumba mwenyewe, na kabla mtendaji wa mtaa hajathibitisha kwamba huyo ndiye mwenye nyumba, msitoe.